Pacha kwenye picha moja ya AI: watu wanavyodhani na inavyokuwa kweli

Wengi wanadhani ukishapakia picha mbili za rejea, moja ya kila pacha, basi kazi imeisha, modeli itajua yenyewe huyu nani na yule nani. Haijui bana. Inaona sura mbili zinazokaribiana, halafu prompti, yaani maelezo unayoiandikia, inasema tu "hawa pacha wamekaa kwenye sofa", matokeo yake unapewa mtu mmoja mara mbili, au kidoti cha mmoja kinahamia kwa mwenzake. Tena hilo neno pacha ndo linazidi kuisukuma iwafananishe, kwahiyo liache, andika "wanawake wawili" inatosha.

Tuchukue dada wawili, A ana kidoti chini ya jicho na mwanya, B ana kovu linalokata nyusi na taya pana kidogo. Kila picha ipe mtu wake, na kila mtu mpe nafasi yake:

```
Wanawake wawili kwenye sofa.
Kushoto mwa picha: A, sura kutoka picha ya 1, kidoti chini ya jicho, mwanya, uso mwembamba.
Kulia mwa picha: B, sura kutoka picha ya 2, kovu kwenye nyusi, taya pana.
```

Umeona sijaandika "B hana kidoti"? Watu wanadhani kukataza kunasaidia, ila modeli nyingi ukishataja kidoti karibu na jina la B zinaweza kumchorea hichohicho ulichokataa, bora useme ngozi chini ya macho yake ni safi. Na ukitaka kutaja ni jicho lipi, angalia kwanza kama rejea ni selfi, maana simu nyingine zinaigeuza kama kioo, kidoti cha chini ya jicho lake la kulia kinaonekana kama kiko chini ya la kushoto.

Eti nguo tofauti zinawatenganisha? Zinakudanganya wewe tu. Ziba nguo na nywele kwa kidole, linganisha nyuso peke yake na rejea zake, mara nyingi hapo ndo unagundua ni sura ileile imevaa magauni mawili.

Kingine, watu wanaomba picha ya mwili mzima halafu wanalalamika kovu limepotea, wakati uso wenyewe una pikseli chache mno kovu likae wapi? Anza na kiunoni kwenda juu.

Halafu kuna hii ya kubonyeza tena na tena ukisubiri bahati. Kama A katoka vizuri, mwache hapohapo, paka maski, yaani funika eneo unalotaka libadilishwe, kwenye uso wa B tu, kuanzia nywele za mbele mpaka kidevu na masikio yake, toa rejea ya A kabisa, bakiza ya B, ndo utengeneze upya hiyo sehemu. Ila kwa pacha wasio na alama yoyote, tofauti ni umbo la uso tu, maneno hayatoshi, watengeneze kila mmoja kivyake kwa mwanga uleule na kamera ikiwa kwenye kimo kilekile halafu uwaunganishe kwenye apu ya kuhariri.