Je, wajua? Makala ya kisayansi yaweza kuwa na DOI na majedwali yake yote, na bado hakuna aliyeikagua

"Mwalimu, makala hii ina DOI, imeandikwa na madaktari, majedwali yamo. Kwa nini unasema haijapitiwa? Na nikiinukuu kwenye ripoti yangu, kosa langu liko wapi?"

DOI ni namba inayokuonyesha makala ilipo mtandaoni. Haikwambii kama kuna mtu aliyeipima. Makala hiyo ni priprinti, yaani andiko ambalo watafiti wameliweka wazi mtandaoni kabla wataalamu wenzao hawajalisoma na kulihoji kwa niaba ya jarida. Kuinukuu si kosa. Kosa limo kwenye neno moja la sentensi yako, nalo nitalifikia.

Aliyeuliza ni binti, mwanafunzi wa afya wa mwaka wa mwisho hapa Mtwara, kwao Lindi. Ripoti yake inahusu kingatiba ya matende na mabusha, zile ivamektini na albendazoli ambazo watu wa mikoa yetu hii miwili wamezimeza kwa miaka mingi. Katika utangulizi alitaka kuonyesha kwamba ivamektini ina kazi nyingine pia, akaandika: "Imethibitika kwamba ivamektini hupunguza vifo vya UVIKO-19 kwa asilimia 90." Ushahidi wake ulikuwa makala ya Elgazzar na wenzake kutoka Misri, nakala ya PDF aliyotumiwa na rafiki kwa WhatsApp.

Wengi wetu tumekulia kwenye korosho, kwa hiyo nilimweleza kwa korosho. Mkulima akifikisha mzigo wake kwenye chama cha msingi, unapimwa uzito na anaandikiwa stakabadhi. Stakabadhi ile ni ya kweli: inataja jina, tarehe na kilo. Lakini ubora wa ndani haujulikani mpaka sampuli itolewe na korosho zipasuliwe, zionekane ngapi ni nzima na ngapi zimeoza. DOI ya priprinti ni stakabadhi. Kupasua bado.

Mambo huenda hivi. Watafiti wakimaliza kuandika, hupakia faili lao kwenye hifadhi ya mtandaoni. Hifadhi ya kwanza kubwa, arXiv, ilianzishwa mwaka 1991 na mwanafizikia Paul Ginsparg, kwa sababu wanafizikia walichoka kusubiri majarida kwa miezi. Wanabiolojia walipata bioRxiv mwaka 2013. Madaktari walichelewa makusudi, kwa kuwa makosa yao yanaweza kumfika mgonjwa, na medRxiv ikafunguliwa Juni 2019, miezi michache tu kabla ya UVIKO-19 kuzuka. Wahudumu wa hifadhi ya aina hii huangalia mambo ya juujuu: je, hii ni sayansi kweli, imenakiliwa, kibali cha maadili kipo, kuna jina la mgonjwa lililovuja, kuna hatari kwa umma? Baada ya siku chache makala iko hewani. Hakuna aliyerudia hesabu wala aliyeuliza kwa nini mgonjwa huyu aliwekwa kundi hili.

Kazi hiyo ya kuuliza hufanywa na jarida. Mhariri huituma makala kwa wataalamu wawili au watatu wa fani hiyo, wao hurudisha maswali, waandishi hujibu, hurekebisha, pengine hukataliwa kabisa. Huchukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka.

Sasa turudi kwenye PDF yake, maana historia ya makala ile inafundisha kuliko maelezo yangu yote. Iliwekwa kwenye hifadhi ya Research Square mnamo Novemba 2020. Ilieleza watu 600: wagonjwa 400, na 200 waliokuwa karibu na wagonjwa. Matokeo yalikuwa makubwa mno, na dunia ilikuwa na kiu ya dawa rahisi. Ikasomwa zaidi ya mara 150,000, ikanukuliwa na watafiti wengine zaidi ya mara 30.

Aliyeipasua alikuwa mwanafunzi. Huko London, mwanafunzi wa shahada ya uzamili, Jack Lawrence, alipewa makala hiyo na mhadhiri wake kama kazi ya darasani. Alianza kushtuka kwenye lugha. Sehemu za utangulizi zilikuwa zimenakiliwa kutoka kurasa za mtandao, na maneno machache yakabadilishwa ili wizi usionekane, mpaka jina la kitaalamu la ugonjwa, "severe acute respiratory syndrome", mahali pamoja likawa "extreme intense respiratory syndrome". Hakuna daktari anayeuita ugonjwa huo hivyo. Kisha akatafuta faili la takwimu ghafi. Lilikuwa limefungwa kwa nenosiri. Akajaribu 1234, likafunguka.

Ndani yake kulikuwa na mambo yasiyolingana na makala. Makala ilisema utafiti ulianza tarehe 8 Juni 2020, lakini wengi wa wagonjwa waliofariki, kwa mujibu wa faili, walifariki kabla ya siku hiyo. Ilisema walioshiriki ni wa miaka 18 hadi 80, kumbe kulikuwa na walio chini ya 18. Ilisema katika kundi la wagonjwa wa hali ya kawaida na wastani waliopewa matibabu ya kawaida walikufa wanne kati ya 100. Faili lilionyesha hakufa hata mmoja. Mtafiti mwingine aliyelipitia faili hilo alikuta rekodi 79 hivi zinazofanana na nyingine, kana kwamba wagonjwa wamenakiliwa. Julai 2021 Research Square ikaiondoa makala.

Hapo binti akaniambia, "Lakini yangu haijaandikwa popote kwamba imeondolewa." Kweli kabisa, na hili ndilo ninalotaka kila mwanafunzi alisikie. Tangazo la kuondolewa hukaa kwenye ukurasa wa hifadhi. Nakala iliyokwisha kupakuliwa na kuzungushwa kwenye simu haipati habari. Tulikaa kwenye kompyuta yangu, akaichapa DOI iliyo kwenye PDF yake baada ya https://doi.org/ na tangazo likaonekana. Muda tuliotumia haukufika dakika moja.

Ungetarajia madhara yaishie kwenye makala yenyewe. Hayakuishia hapo. Kuna aina ya utafiti inayokusanya tafiti nyingi ndogo na kuzijumlisha ili kupata jibu moja kubwa. Katika jumla hiyo, utafiti wenye watu wengi au vifo vingi huvuta jibu kwa nguvu zaidi. Elgazzar alikuwa na yote mawili, basi akaingizwa kwenye majumlisho yaliyochapishwa katika majarida yenye wakaguzi. Msomaji anayekutana na jumla hiyo anaona jarida lenye heshima, hajui kwamba katikati kuna gunia ambalo halikupasuliwa. Jumla moja iliyoongozwa na Andrew Hill, iliyochapishwa Julai 2021, ilibidi ifutwe. Tafiti zenye mashaka zilipotolewa, faida ya ivamektini dhidi ya vifo haikusimama tena. Tayari Machi 2021 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshauri dawa hiyo itumike kwa UVIKO-19 ndani ya majaribio ya kitabibu tu. Mwaka uliofuata, jaribio kubwa la Brazili, TOGETHER, nalo halikuona faida.

Mambo haya yananifanya nisiiabudu mihuri ya majarida. Wakaguzi wa jarida husoma makala, mara chache sana hufungua takwimu ghafi, kwa hiyo nao hudanganyika. Tofauti ni kwamba makala iliyopitiwa imewahi kuulizwa maswali na mtu asiyeiandika.

Wala sitaki mtu aondoke hapa akidhani priprinti zote ni mbovu. Juni 22, 2020, watafiti wa jaribio la RECOVERY nchini Uingereza waliweka medRxiv matokeo ya deksamethasoni: kwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, vifo vilipungua kwa takriban theluthi. Jarida lilichapisha matokeo hayo katikati ya Julai. Zile wiki tatu na ushei zilikuwa na uhai wa watu ndani yake. Lakini tazama jaribio lenyewe: maelfu ya wagonjwa, mpango ulioandikishwa kabla, wagonjwa waliogawanywa kwa kura, hospitali nyingi. Hata kabla ya jarida, msomaji alikuwa na mengi ya kushika.

Basi unapokuwa na makala mkononi, anza na ukurasa wake halisi, si PDF. medRxiv huandika juu kabisa kwamba makala haijapitiwa na isitumike kuongoza tiba. DOI yenyewe mara nyingi inakutajia hifadhi: za Research Square huanza na 10.21203/rs.3.rs- na mwishoni huwa na /v1, /v2 na kuendelea, maana waandishi wanaweza kubadilisha andiko na kila toleo hubaki. Angalia umeshika toleo lipi. Kama makala imeshachapishwa, medRxiv na bioRxiv huweka kiungo chenye maneno "Now published in". Ukiona hayo, ifuate ile iliyochapishwa, uisome upya, maana jedwali ulilolipenda laweza kuwa limebadilika baada ya maswali ya wakaguzi. Hiyo ndiyo utakayoinukuu.

Kama haijachapishwa na bado unaihitaji, iandike ilivyo. Kwenye orodha ya marejeo weka waandishi, mwaka, kichwa, neno [Preprint], jina la hifadhi, namba ya toleo na DOI. Ila usifikiri alama hiyo ya nyuma inatosha, kwa kuwa wasomaji wengi hawafiki huko. Sentensi yenyewe ndiyo ibebe tahadhari, na hapa ndipo lilipo lile neno nililosema. "Imethibitika" ni hukumu ambayo hakuna aliyeitoa. Andika "waliripoti, katika andiko ambalo halijapitiwa na wataalamu", na msomaji atajua amesimama wapi.

Mimi huwapa kipimo kimoja zaidi. Chukulia kesho asubuhi makala ile imeondolewa. Je, hoja yako bado imesimama? Kama uliinukuu kuonyesha kwamba kuna watu wanajaribu njia fulani, hupotezi kitu. Kama uliiegemezea dozi ya dawa au ushauri kwa mgonjwa, huo si mzigo wa kubebeshwa priprinti moja.

Binti aliichukua kalamu yangu nyekundu mwenyewe. Alikata sentensi ya UVIKO-19 yote, kwa sababu alipojipima aliona ripoti ya kingatiba haikuihitaji hata kidogo. Kisha akaanza kurudi nyuma kwenye marejeo yake, akichapa DOI moja baada ya nyingine. Ya nne ilikuwa priprinti nyingine, toleo la kwanza, na chini ya kichwa chake kulikuwa na kiungo cha "Now published in". Akakifungua, akavuta kiti.