Picha mbili za usiku: ipi ina taa nzuri?

Nikitumiwa picha mbili za barabara usiku na swali, "Injinia, ipi iko na taa poa?", sijibu kabla hazijatumwa tena kama faili, kwa kitufe cha Document. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huibana na kufuta maelezo ambayo simu ilihifadhi ndani yake, na maelezo hayo ndiyo yanayonieleza simu ilifanya nini gizani.

Hivi majuzi wakazi wa mtaa mmoja South B, Nairobi, walikuwa wanabishana kuhusu njia mbili za kutoka steji hadi kwao. Moja imewekwa taa mpya nyeupe za LED, nyingine bado ina zile za zamani za sodiamu, za manjano. Kwenye picha, njia ya manjano iling'aa kama magharibi haijaingia, ilhali ya LED ilikuwa nyeusi tii na vidoa vyeupe juu. Kundi zima likaamua kwamba pesa za LED zimepotea.

Faili zilipofika, picha ya LED ilikuwa imepigwa kwa ISO 400, yaani kiasi ambacho simu inaukuza mwanga, na muda wa shata, yaani muda wa kuruhusu mwanga uingie, wa 1/50 ya sekunde. Ya manjano ilipigwa kwa ISO 3200 na 1/10. Simu ni ileile, lenzi ni ileile. Sasa piga hesabu: 3200 ni mara 8 ya 400, na 1/10 ni mara 5 ya 1/50. Nane mara tano ni arobaini. Yaani simu iliikuza nuru ya njia ya manjano mara 40 zaidi ya ilivyofanya kwa ile nyingine. Sababu ilionekana wazi kwenye picha: taa moja ya LED ilikuwa katikati kabisa ya fremu, simu ikaona mwanga mkali ikajibana, na kila kilichokuwa chini ya taa kikazama. Wakazi walikuwa wanabishana juu ya uamuzi wa simu. Na hapo hata hali ya usiku haijawashwa. Hiyo hupiga picha kadhaa, kuziunganisha na kuinua vivuli, kwa hiyo inafuta giza lenyewe ambalo sisi tunalitafuta.

Tukapiga upya. Simu moja, hali ya Pro ambayo mtu hupanga kila kitu mwenyewe, ISO 800, shata 1/25, WB, yaani mizania ya rangi, 4000K, fleshi imezimwa, kote kuwili bila kugusa chochote. ISO ingeweza kuwa nyingine, mradi isibadilike, lakini shata ina sababu yake. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi zinazoutumia hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukipiga kwa 1/500 unadaka kipande tu cha mpepeso mmoja, na picha inatoka na mistari myeusi ambayo mtu atadhani ni vivuli vya barabarani. Kwa 1/25 mipepeso minne kamili inaingia na mistari inatoweka. WB nayo ikiachwa ijiamulie, simu itausafisha umanjano wa sodiamu, na watu watalinganisha rangi ambazo hawajawahi kuziona kwa macho.

Tulisubiri saa mbili usiku, anga likiwa limekwisha nuru, na tukahakikisha lami ni kavu. Lami yenye maji huakisi taa kwa michirizi mirefu, ikapendeza sana pichani huku sehemu zilizobaki zikizidi kuwa nyeusi.

Kisha mtu akasimama na karatasi nyeupe ya A4 mbele ya uso wake, imesimama wima, mpiga picha akiwa mita 4 mbele yake. Umbali huo si wa kubahatisha: watafiti Caminada na van Bommel waliupendekeza mwaka 1980 kuwa umbali wa chini ambao mpita njia anapaswa kuutambua uso wa anayemjia, bado akiwa na nafasi ya kuchukua hatua. Karatasi inakuwa wima kwa sababu uso uko wima. Lami inaweza kung'aa vizuri na bado usimjue anayekuja.

Kila njia tulipiga mara mbili, hatua chache mbele ya nguzo na katikati ya nguzo mbili. Ukifungua picha kwenye programu yoyote ya kuhariri, kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, ina namba ya mwanga kati ya 0, nyeusi kabisa, na 255, nyeupe kabisa. Kwenye njia ya LED karatasi ilisoma 210 karibu na nguzo na 70 katikati. Njia ya manjano ilisoma 120 na 80. Angalia hizo mbili za katikati: njia iliyo hafifu kwenye nguzo ndiyo iliyoshinda pale gizani.

Tena namba za pikseli hazipandi sawasawa na mwanga. Kwa makadirio, gawanya namba moja kwa nyingine kisha jibu ulipe kipeo cha 2.2:

```
LED:     (210/70)^2.2  = 11 hivi
sodiamu: (120/80)^2.2  = 2.4 hivi
```

Kwenye njia ya LED, basi, unatoka kwenye mwanga na kuingia sehemu yenye nuru ndogo mara 11, na macho hayajazoea. Hii haichukui nafasi ya kipima laksi, kile kifaa cha kupimia mwanga unaoangukia mahali, maana simu hujirekebishia picha kivyake na haizioni rangi za taa kama jicho linavyoziona. Lakini pengo kati ya 11 na 2.4 ni kubwa mno kuwa kosa la simu. Kiwango cha Ulaya cha EN 13201, kwenye daraja la P4 la njia za wapita kwa miguu, kinataka wastani wa laksi 5 chini barabarani na kiwango cha chini cha laksi 1. Tazama kwamba wastani peke yake hautoshi. Ndiyo maana mimi si shabiki mkubwa wa zile taa za mlingoti mrefu tunazoziita mulika mwizi: kwa mbali zinapendeza, ila nyuma ya kila nyumba kuna kivuli cha kumficha mtu mzima.

Likabaki swali la hisia. Njia ya manjano ina vibanda na ua wa chini, ya LED inapita kando ya ukuta mrefu usio na hata dirisha. Mtu akisema ya pili inatisha, anasema taa au ukuta? Peter Boyce na wenzake, katika utafiti wao wa mwaka 2000 kwenye maegesho ya magari huko Marekani, waliwauliza watu kuhusu mahali palepale mchana na usiku, kisha wakatazama tofauti. Tukafanya hivyo kwa picha za mchana zilizopigwa kutoka sehemu zilezile, tukiomba alama 1 hadi 7: ungejisikia salama kiasi gani ukipita peke yako? Njia ya manjano ilipata wastani wa 6 mchana na 5 usiku. Ya LED ilipata 4 na 2. Usiku zinaachana kwa alama 3, lakini mchana zilikuwa tayari zimeachana kwa 2. Alama moja tu ndiyo ya kulaumu taa.

Kitu kimoja picha haiwezi kukuonyesha vizuri ni mng'aro wa kuumiza macho, kwa sababu miale inayozunguka taa pichani mara nyingi ni uchafu wa lenzi. Hicho kikague kwa miguu: simama, izibe taa kwa kiganja, na kama ghafla unaona zaidi barabarani, taa hiyo inakupofusha. Pale South B haikuwa hivyo.

Picha za mchana zilitupa jambo jingine ambalo hatukulitafuta. Tawi la mjakaranda limeinama mbele ya taa ya pili, likiikinga sehemu ileile iliyosoma 70. Nimewashauri wakate tawi kwanza, kisha wapige karatasi tena kwa ISO 800 na 1/25. Ikipanda kupita 110, mwanga pale utakuwa umezidi maradufu na hakuna haja ya kuomba nguzo mpya. Ikibaki 70, tatizo ni pembe ya taa yenyewe, na fundi apande na ngazi.