Je, wajua jinsi 25 H7/g6 inavyobeba vipimo vinne?

"Mchoro wa fimbo na bushi yake umeandikwa 25 H7/g6 tu, hakuna kipimo kingine. Nitajuaje tundu liwe na kipenyo gani, na fimbo niikereze hadi wapi?"

Tundu linatakiwa liwe kati ya milimita 25.000 na 25.021, na fimbo iwe kati ya milimita 24.980 na 24.993. Aliyeuliza ni kijana anayejifunza ukerezaji katika karakana moja ya Kizota, hapa Dodoma, na mchoro aliokuwa ameushika ulikuwa wa mashine ya mkono ya kutia vizibo kwenye chupa za mvinyo. Katika mashine hiyo, fimbo ya chuma hupanda na kushuka ndani ya bushi ya bronzi kila mara mkono unapovutwa, na ni lazima iteleze bila kukwama na pia bila kuyumba, kwa kuwa ikiyumba kizibo huingia upande. Vipimo vyake vyote vinne vimo ndani ya maandishi yale mafupi, na njia ya kuvitoa ni moja kwa fimbo na tundu la ukubwa wowote.

Namba 25 ni kipimo cha msingi, yaani mstari wa sifuri ambao vipimo vingine vyote huhesabiwa kutoka kwake. Herufi kubwa huhusu tundu, na herufi ndogo huhusu shafti au kitu chochote kinachoingia ndani ya tundu. Herufi yenyewe husema eneo la vipimo linaanzia wapi kuhusiana na ule mstari wa sifuri, na namba inayoifuata, yaani daraja, husema eneo hilo lina upana gani. Upana huo ndio mafundi wanaouita toleransi, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo toleransi inavyobana. Kwa hiyo H na 7 ni maneno mawili tofauti yaliyoandikwa pamoja, na anayeyasoma kama neno moja hukwama hapo hapo.

Thamani zake hupatikana katika majedwali ya ISO 286, ambayo toleo linalotumika sasa ni la mwaka 2010. Majedwali hayo hayatoi mstari kwa kila kipenyo, bali huvigawa vipenyo katika makundi, na milimita 25 huangukia katika kundi la zaidi ya 18 hadi 30. Kwa kundi hilo daraja la 7 lina toleransi ya mikroni 21, na daraja la 6 lina mikroni 13. Mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita, hivyo mikroni 21 huandikwa 0.021.

Tuanze na tundu, kwa sababu ndilo jepesi. Herufi H maana yake ni kwamba mpaka wa chini uko kwenye mstari wa sifuri wenyewe, hivyo tundu halitakiwi kuwa dogo kuliko 25.000. Ukiongeza toleransi ya 0.021 unapata mpaka wa juu, ambao ni 25.021. Herufi H imependwa na wachoraji wengi kwa sababu ya zana: rima, yaani kile kijembe chenye meno kinachosawazisha tundu lililokwisha kutobolewa kwa kekee, huuzwa kikiwa na kipimo kimoja kisichobadilika, na rima ya 25 H7 huacha tundu likiwa ndani ya mipaka hiyo. Fimbo, kwa upande wake, hukerezwa hadi kipimo chochote fundi anachotaka. Ni busara basi tundu libaki pale pale, na fimbo ndiyo ibadilishwe ili kupata mkao unaolegea au unaobana.

Kwenye fimbo ndiko makosa yanakotokea. Kwa kundi letu, jedwali linaonyesha kwamba herufi g ina mkengeuko, yaani umbali kutoka mstari wa sifuri, wa mikroni 7 kwenda chini, na swali la kujiuliza ni kama hizo mikroni 7 ni za mpaka wa juu au wa chini. Kwa herufi ndogo kuanzia a hadi g, eneo lote liko chini ya mstari wa sifuri, na namba iliyoandikwa ni ya ule ukingo ulio karibu zaidi na mstari huo, yaani mpaka wa juu. Mpaka wa juu wa fimbo ni 25.000 kutoa 0.007, sawa na 24.993. Kutoka hapo tunashuka kwa toleransi ya daraja la 6, ambayo ni 0.013, na mpaka wa chini unakuwa 24.980.

Kijana yule alikuwa amefanya kinyume. Aliandika 24.993 kuwa mpaka wa chini, akapanda kwa 0.013 na kupata 25.006, akaona hesabu imekaa sawa. Kosa hili lina dalili inayoonekana kabla chuma hakijaguswa: linganisha fimbo kubwa kabisa inayoruhusiwa na tundu dogo kabisa linaloruhusiwa. Fimbo yake ya 25.006 ingekutana na tundu la 25.000, na hapo fimbo ni nene kuliko tundu, jambo lisilowezekana katika mkao ambao fimbo inatakiwa kuteleza. Kwa mipaka sahihi, nafasi ndogo kabisa ni 25.000 kutoa 24.993, yaani 0.007, na nafasi kubwa kabisa ni 25.021 kutoa 24.980, yaani 0.041. Mimi huzifanya hesabu hizi mbili za kutoa kila mara, hata kwa mkao ninaoujua kwa moyo, kwa kuwa hazichukui hata dakika moja na hulifichua kosa likiwa bado liko kwenye karatasi.

Kosa lingine linalofanana na hilo ni la kusoma mstari usio wake. Kipenyo cha milimita 30 kamili bado kimo katika kundi la 18 hadi 30, lakini milimita 32 iko katika kundi la zaidi ya 30 hadi 50, ambako daraja la 7 ni mikroni 25, daraja la 6 ni mikroni 16, na mkengeuko wa g ni mikroni 9.

Kijana aliuliza pia namba 21 na 13 zilitoka wapi, na kwa kweli hazikuokotwa tu. Chimbuko lake ni kanuni inayotoa kipimo kidogo kiitwacho i, kwa mikroni, kutokana na kipenyo D kwa milimita:

```
i = 0.45 × ∛D + 0.001 × D
```

D hapa si 25, bali ni kipeuo cha pili cha 18 mara 30, yaani takriban 23.2, ili kundi zima lipate thamani moja. Jibu lake ni takriban 1.31. Daraja la 6 ni mara 10 ya hiyo, sawa na 13, na daraja la 7 ni mara 16, sawa na 21. Kile kipeuo cha tatu ndicho kinachofanya toleransi ikue polepole kuliko kipenyo. Kazini tumia jedwali, kwa sababu baadhi ya thamani zilikadiriwa kwa namna isiyolingana kabisa na kanuni.

Sasa mipaka imepatikana, lakini nafasi ya mikroni 7 ni ndogo mno, kwa kuwa hata unywele wa binadamu una unene wa mikroni 50 hadi 100, na nafasi hiyo huweza kuliwa na mambo ambayo mchoro haukuyataja. Kwanza kuna joto. Vipimo hivi vyote vinahesabiwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi, na chuma hutanuka kwa takriban mikroni 11.5 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Fimbo iliyotoka kukerezwa sasa hivi ikiwa na joto la nyuzi 60 itakuwa imenenepa kwa karibu mikroni 11 au 12, ambazo ni karibu toleransi yake nzima. Ukisoma 24.985 fimbo ikiwa ya moto utafurahi, lakini ikipoa itashuka hadi karibu 24.973, nje ya mpaka wa chini, na hakuna namna ya kuirudishia nyama iliyokwisha kuondolewa. Joto la mchana wa Dodoma lenyewe halina madhara makubwa hivyo, mradi fimbo ya chuma na maikrometa vimelala kwenye meza moja kwa saa moja au mbili, kwa kuwa vyote vitakuwa vimetanuka kwa kiasi kinachokaribiana. Venia kalipa ya kawaida haifai kwa kazi hii, kwa sababu hatua yake moja ya 0.02 ni pana kuliko toleransi yote ya fimbo.

La pili liliwahi kunigharimu bushi mbili. Nilisawazisha tundu la bushi juu ya meza likasoma 25.004, nikakereza fimbo hadi 24.990, vyote vikiwa ndani ya mipaka, na fimbo ikateleza vizuri mikononi. Kisha nikaishindilia bushi ndani ya mwili wa mashine kwa presi, na fimbo ikakataa kuingia. Bushi hushindiliwa ikiwa nene kidogo kuliko tundu linaloipokea, hivyo kuta zake husukumwa kwenda ndani, na tundu lake hufinyika. Langu lilikuwa limefika 24.988. Nilidhani bushi ndiyo mbaya, nikatengeneza nyingine, ikawa vile vile. Geji ya tundu yenye ncha mbili, moja ya 25.000 inayotakiwa kupita na nyingine ya 25.021 isiyotakiwa kupita, ingeniambia mapema: ncha ya kupita iliingia kabla ya presi, na baada ya presi ikagoma. Tangu siku hiyo tundu la bushi hulitoboa dogo kwa makusudi, huishindilia kwanza, na rima ya H7 hupita mwisho kabisa, bushi ikiwa mahali pake pa kudumu.

Bushi ya mashine ya vizibo tuliifanya hivyo hivyo. Asubuhi iliyofuata, vitu vyote vikiwa vimepoa, tundu lilisoma 25.008 na fimbo ikasoma 24.987, hivyo nafasi ikawa mikroni 21. Kijana aliipaka fimbo mafuta mepesi, akaziba mdomo wa chini wa bushi kwa kiganja, akaiachia fimbo kutoka juu. Ilishuka taratibu, ikielea juu ya hewa iliyokuwa ikijipenyeza pembeni, na alipoondoa kiganja ikateremka yote kwa mara moja.