Kichwa kipya cha panjani na taya linalochoka kutafuna: waliovuka 50 wasisubiri hata siku moja

Mwaka jana msimu wa korosho ukiwa umechanganya, kijana mmoja alimleta bibi yake kliniki yetu ya macho hapa Mtwara, bibi wa miaka 72 anatokea upande wa Mikindani (nimegeuza mambo mawili matatu asijulikane), jicho la kushoto halioni kitu tangu jana yake asubuhi. Lenyewe haliumi, halina wekundu wala tongotongo, ukiliangalia tu utasema jicho zima. Nilipomulika tochi ndo mboni ikasema ukweli, ile ya kushoto haikustuka na mwanga kama mwenzake, maana yake shida iko nyuma huko kwenye mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo.

"Imeanza lini bibi?" "Jana mwanangu." Lakini haikuanza jana.

Tukakaa tukaongea taratibu, na hapo ndo stori yote ikatoka. Wiki tatu nyuma alianza kuumwa kichwa, na sio kile kichwa chake cha siku zote cha jua na kukosa usingizi, hiki kigeni, kinakaa panjani kushoto mchana na usiku, akilalia upande ule hawezi, hata kujitanda kanga kichwani ngozi inauma. Akapima malaria hana, akapewa panadoli, baadae mtu akamuongezea diklofenaki, kikawa kinapoa kidogo kinarudi. Kisha taya. Akaenda kung'oa gego, gego likatoka na maumivu yakabaki palepale.

Nikamuuliza swali ambalo naomba kila anayesoma hapa alishike: bibi, taya linauma muda wote au ukitafuna? Akajibu vizuri kuliko vitabu vyetu: "Nikianza kula pweza sina neno, nikifika tonge la nne la tano taya linachoka linauma mpaka naacha, nikitulia linapoa, nikirudi tena linauma."

Hilo sio jino. Jino bovu linauma ukiling'atia au ukinywa cha baridi, na usiku halikuachi. Kiungo cha taya kikiwa kibovu kinauma au kinalia kwa kufungua tu mdomo. Lakini maumivu yanayokuja baada ya kutafuna kwa muda na kuondoka ukipumzika, hiyo ni nyama ya taya inalilia damu. Ikiwa imetulia inatumia damu kidogo, kinachopita kinatosha, ukianza kutafuna inataka zaidi na njia imeziba haiwezi kuleta.

Kinachoziba ni ugonjwa unaoitwa ateritisi ya seli kubwa, jina limetoka kwenye seli nono ambazo mara nyingi zinaonekana kwenye hadubini ukikata kipande cha mshipa wa damu. Kinga ya mwili wenyewe inashambulia ukuta wa ateri, yaani mshipa unaotoa damu kwenye moyo, ukuta unavimba kwa ndani, tundu linakuwa jembamba. Unapenda ateri za kichwani, ile ya panja ndo unayoweza kuigusa mbele ya sikio, na kwa huyu bibi ilikuwa ngumu kama kamba ya wavu na mapigo siyasikii. Unakamata watu kuanzia miaka 50, wengi wana 70 na kitu, wanawake zaidi ya wanaume. Kwa Waafrika umeandikwa mara chache kuliko kwa Wazungu, na mimi naona hapo ndo penye mtego, daktari akiamini huku kwetu haupo hawezi kuuona.

Sasa mbona haraka? Kwa sababu ateri ndogo zinazolisha kichwa cha ule mshipa wa fahamu wa jicho nazo zinaweza kuziba kwa mtindo uleule, na ule mshipa hauna subira kama taya, ukikosa damu kwa masaa unakufa na haufufuki. Bibi alishaonywa mara mbili wiki ile, jicho lilifunga kama pazia limeshuka, dakika chache likafunguka, akadhani moshi wa jikoni. Wengine wanaona vitu viwili viwili. Na jicho moja likishaenda bila dawa, la pili linaweza kufuata ndani ya siku chache au wiki moja mbili, kwa hiyo siku ile sikuwa natibu la kushoto, nilikuwa nalinda la kulia.

Tulichukua damu kupima ESR, kipimo kinachopanda mwili ukiwa na uvimbe wa ndani, ikasoma 96, iko juu sana. Hicho kipimo kinaongeza tu shaka, maana hata kifua kikuu au upungufu wa damu unaweza kukipandisha, na wapo wachache wenye ugonjwa huu ambao kwao kiko kawaida. Uhakika unapatikana kwa kukata kipande cha ateri ya panja au kwa ultrasaundi ya mtu aliyezoea kuangalia mishipa hiyo. Lakini dawa haisubiri majibu! Kipande bado kinaweza kuonyesha ugonjwa hata wiki mbili baada ya kuanza dawa, jicho halina hizo wiki mbili.

Dawa ni prednisoloni, steroidi inayotuliza kinga ya mwili, kwa kawaida miligramu 40 mpaka 60 kwa siku, na jicho likishaguswa mara nyingi tunaanza na steroidi ya kwenye dripu kwa siku tatu kama ipo, kama haipo tunatoa vidonge vya kiwango cha juu saa hiyohiyo. Hapa kuna kosa ambalo limenikuta mwenyewe. Miligramu 60 kwa vidonge vya 5 ni vidonge 12 asubuhi baada ya kula, na muuza dawa mmoja alipoona 12 akadhani nimekosea kuandika, akampa bibi kimoja mara tatu. Hiyo ni 15. Bahati kijana alipiga simu jioni ileile kuuliza, tukarekebisha, tangu hapo naandika kwa maneno "kumi na viwili kwa pamoja" na ninapiga mstari.

Siku ya tatu kichwa kilikuwa kimepoa na taya linatafuna, nafuu ya haraka hivyo ni kawaida ya ugonjwa huu. Lakini usije ukajinunulia prednisoloni dukani kwa sababu umesoma hapa, siku tatu za nafuu zitaficha ugonjwa halafu unarudi. Dawa yenyewe inapandisha sukari na presha, inalainisha mifupa, inaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, hivyo tunapima hivyo vyote na kutoa dawa ya minyoo, bila kuchelewesha dozi ya kwanza. Inapunguzwa polepole, mara nyingi mwaka mmoja mpaka miwili, na haiachwi ghafla kwa sababu tezi za mwili zinazotengeneza homoni kama hiyo zinakuwa zimelala.

Kwa hiyo mzee wako akivuka 50 na kichwa kigeni cha panjani, akaacha nyama katikati ya mlo, au jicho likafunga na kufunguka, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na mlangoni usiseme "kichwa" tu maana utapangwa foleni ya malaria. Sema kichwa kipya panjani, taya linachoka akitafuna, jicho linafunga, tunaomba ESR na daktari aone leo.

Jicho la kushoto la bibi halikurudi. La kulia linaona, na juzi kaniambia anachambua korosho mwenyewe, ila sindano anamwachia mjukuu kutunga uzi.