Jeli ni nani hasa, na kwa nini tajiri wake anamuogopa

Kwetu Unguja ukisema mtu anaimba sifa kwa pesa, watu wanamfikiria mwimbaji wa taarabu anatunzwa, jina la mwenye shughuli linatajwa, noti zinamshukia, kesho yake kila mtu kwao. Jeli, yule mwimba sifa na mtunza historia wa Wamande, watu wa Afrika Magharibi huko Mali, Gine na Gambia, ni mambo mengine, maana yeye kazi kazaliwa nayo. Baba jeli, babu jeli, na tokea mdogo anakaa na wakubwa zake anameza nasaba: nani kamzaa nani, vita gani vilipiganwa, nani alikimbia.

Na ukoo wa jeli una ukoo wake wa mabwana, wakina Kuyate kwa mfano ni wa wakina Keita. Masimulizi yanasema Bala Faseke Kuyate ndo alokuwa jeli wa Sunjata Keita, yule aloasisi dola ya Mali karne ya 13. Bwana anamlisha jeli, anamvisha, anampa mali, na jeli anamsemea, anamposea, anamsuluhishia ugomvi.

Sasa watu wanadhani hiyo ni kusifia tu ili ule. Hebu tumskize Ibn Batuta, msafiri huyuhuyu alopita Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Alifika Mali 1352 akaona siku ya Idi washairi wanaingia mbele ya Mansa Suleiman wamevaa manyoya kama ndege, na kichwa cha mti chenye mdomo mwekundu, wakamwambia mfalme kwamba kiti hiki ulokalia alikikalia fulani akafanya wema huu, na fulani akafanya huu, basi na wewe fanya wema utakaosimuliwa baada yako. Kisha mkubwa wao akapanda akaweka kichwa mapajani kwa mfalme, halafu bega la kulia, halafu la kushoto, huku anasema. Mie naona hapo ndo penye uzito wote, kwamba sifa za mababu anazitia shingoni mwa alohai kama deni, na mfalme anajua huyu akifunga mdomo jina lake limekwisha.

Lakini historia ya namna hii ina upande. Jeli wa Keita atakusimulia Sumaoro Kante, alopigwa na Sunjata, kama mchawi dhalimu, wakati ukienda kwa wenye jina la Kante utamkuta ni babu wa kujivunia. Na tokea wafaransa wavunje nguvu za watawala wa zamani, jeli wengi wanaimba harusini na kwenye kampeni za siasa kwa yeyote mwenye nazo, hapo nasaba ya tajiri mpya inaweza ikavutwa mpaka ikamgusa shujaa. Kwa hiyo anayetaka kujua lilotokea anaskiza jeli wa nyumba mbili zilizopigana, na jambo ambalo wote wanalitaja, hata lile linalomuaibisha bwana wao, ndo analolishika kwanza.