Dhana potofu kuhusu vihusishi vya Kiingereza: "na" haigeuki "with" kila mara

Wanafunzi wengi wa sekondari hapa Dar es Salaam wana daftari la jozi. Kushoto wanaandika kivumishi au kitenzi cha Kiingereza, kulia kihusishi kinachoandamana nacho: "afraid of", "good at", "depend on", "interested in". Daftari hilo nalipenda, na kwenye tuisheni nawahimiza walitunze. Lakini mtoto huyohuyo aliyekariri jozi zote anakaa mbele ya maswali ya kujaza nafasi na kukosa nusu yake. Akili anazo. Kinachomwangusha ni dhana chache alizozibeba bila kujua kwamba anazo.

Dhana: Ukijua kihusishi cha Kiswahili, umejua cha Kiingereza

Hii ndiyo inayokula maksi nyingi kuliko zote, na mzizi wake ni neno dogo la "na". Hebu tazama kifungu hiki cha kujaza nafasi, cha aina ambayo mtoto wa kidato cha pili hadi cha nne hukutana nayo:

"Asha is married 1___ a fisherman from Kunduchi. She is different 2___ her sister, who depends 3___ their father for everything. Asha is satisfied 4___ what she has, and her business is now independent 5___ her husband's boat."

Mwanafunzi anakisoma kwa Kiingereza, kichwani kinapita kwa Kiswahili. Asha ameolewa na mvuvi. Yuko tofauti na dada yake. Ameridhika na alichonacho. "Na" tatu, basi anaandika "with" mara tatu. Kwenye nafasi ya nne amepata, maana "satisfied with" ni sahihi kabisa. Na kupata huko ndiko kunakomharibia, kwa sababu kunamthibitishia kwamba njia yake inafanya kazi. Nafasi ya kwanza inataka "to" na ya pili inataka "from".

"Na" yetu inafanya kazi nyingi ambazo Kiingereza kimezigawa kwa vihusishi tofauti. Palipo na kushirikiana au kuridhiana, mara nyingi utakuta "with": "cooperate with", "satisfied with". Palipo na kulinganisha au kufungamana, mara nyingi ni "to": "similar to", "equal to", "related to", "married to". Palipo na kuachana au kutofautiana, ni "from": "different from", "separated from". Na mtenda wa kauli ya kutendwa, kama katika "aliumwa na nyoka", anakuja na "by". Mgawanyo huu haujibu kila swali, ila unamzuia mtoto kuandika "with" kabla hajafikiri.

Nafasi ya kwanza inastahili kutazamwa kwa karibu zaidi, hasa ikiletwa kama swali la kuchagua: A "with", B "to", C "by", D "of". Mwanafunzi dhaifu anachagua A kwa sababu ya "na". Mwanafunzi anayefikiri anaweza kuchagua C, na hoja yake ina maana: "ameolewa" kwa Kiswahili ni kauli ya kutendwa, na kauli ya kutendwa huenda na "by". Tatizo ni kwamba "She was married by Sheikh Omari" kwa Kiingereza maana yake ni kwamba Sheikh Omari ndiye aliyefungisha ndoa. Hata "married with" ipo, ila kwa maana nyingine: "She is married with two children" ni kusema ameolewa na ana watoto wawili. Kwa hiyo A na C si maneno ya ovyo yaliyowekwa kujaza karatasi. Kila moja linaishi mahali pake, na mtunzi wa swali anayejua kazi yake anachagua majibu ya kupotosha ya namna hiyohiyo. Kinachoamua ni kile kilicho kulia kwa nafasi: "a fisherman", yaani mwenzi wa ndoa. Mwenzi wa ndoa anachukua "to".

Nafasi ya tatu na ya tano zina mtego wao. Kwa Kiswahili "anamtegemea baba" haina kihusishi kabisa, kitenzi kimejitosheleza. Ndiyo maana tunasikia "she depends her father", sawa na "I am waiting the bus" na "listen the radio", ilhali Kiingereza kinadai "depend on", "wait for", "listen to". Halafu mtoto akishashika kwamba ukoo huu ni wa "on", kutoka "depend on" hadi "dependent on", anafika nafasi ya tano na kuandika "independent on". Si hivyo. "Independent" inachukua "of". Na nomino yake, ikiwa na maana ya uhuru kutoka kwa mtawala, inachukua "from": Tanganyika mwaka 1961 ilipata "independence from Britain". Ukoo mmoja, vihusishi vitatu. Ndivyo ilivyo pia kwa "proud of" na "pride in". Jozi ya kitenzi haihamishiwi kwenye kivumishi wala nomino bila kuhakikisha kwanza.

Dhana: Kila neno lina kihusishi chake kimoja

Daftari la jozi ndilo linalozaa dhana hii, kwa sababu lina safu mbili tu. Mtoto anaandika "agree with" na kuamini kazi imekwisha. Kisha anakutana na sentensi kama hii:

"The landlord agreed ___ our request, but we could not agree ___ a date, and my brother did not agree ___ either of us."

Majibu ni "to", "on", "with". Kitenzi hakijabadilika. Kilichobadilika ni kinachofuata. Mwenye nyumba amekubali ombi, na ombi au pendekezo linachukua "to". Tarehe ni jambo la kuafikiana pande mbili, nalo linachukua "on". Kaka hakukubaliana na mtu, na mtu anachukua "with". Ukiziba sehemu ya kulia ya sentensi kwa kidole, hakuna mtu duniani anayeweza kujibu swali hilo, hata Mwingereza.

"Good" ni hivyohivyo. Ustadi ni "at": "good at Mathematics", na hapa nasema wazi kwamba "good in Mathematics", tunayoisikia sana madarasani kwetu, si ya kuandika kwenye karatasi ya mtihani. Manufaa ni "for": "Fish is good for children". Kumtendea mtu wema ni "to": "She was good to me". Kujua kukaa na watu au kutumia kitu ni "with": "She is good with children". Linganisha hiyo ya samaki na hii ya mwisho. Zote zinaishia na "children", kwa hiyo kutazama kulia peke yake hakutoshi, inabidi uulize pia nani anasifiwa na kwa lipi. Samaki hawezi kuwa hodari wa kulea.

Ndiyo maana nawaambia wanafunzi waongeze safu ya tatu kwenye daftari, ya kinachofuata. Wasiandike "angry with" peke yake. Waandike "angry with my brother" na chini yake "angry about the delay": mtu kwa "with", jambo kwa "about". Na wanapojipima, wasisome orodha kuanzia juu hadi chini huku wakitikisa kichwa. Wazibe safu ya kati, wabaki na "angry ___ the delay", wajaze wenyewe ndipo wafunue. Kusoma jozi na kuitambua ni rahisi mno kuliko kuitoa kichwani, na nafasi iliyo wazi kwenye karatasi inadai kuitoa.

Dhana: Baada ya "to" kitenzi hakibadiliki

Mwanafunzi amefundishwa "I want to go", "I hope to pass", na imemkaa. Akikuta "I look forward to ___ you", anaandika "see". Jibu ni "seeing". "To" ziko mbili. Moja ni alama ya kitenzi-jina, kama "ku-" yetu katika "kwenda". Nyingine ni kihusishi kamili, na baada ya kihusishi kitenzi huvaa "-ing", kama vile katika "interested in reading" na "tired of waiting".

Kuna kipimo kinachozitenganisha bila kukariri. Badala ya kitenzi, weka "it". "I look forward to it" inakubali, kwa hiyo "to" hiyo ni kihusishi: andika "seeing". "I object to it" inakubali: "I object to paying twice". "I want to it" haikubali, basi baki na "to go".

Kipimo hichohicho kinatatua swali ambalo huchanganya hata watu wazima: "I am used to ___ for the daladala every morning." A "wait", B "waiting". "I am used to it" ni Kiingereza safi, maana yake nimezoea, kwa hiyo ni B. Lakini ondoa "am", iwe "I used to ___ for the daladala, but now I walk". "I used to it" haisemeki, kwa hiyo ni "wait", na maana imegeuka kuwa zamani nilikuwa nasubiri. Macho yaanze kwenye "am" kabla hayajafika kwenye "to".

Dhana: Kila nafasi lazima ijazwe

Ikiwa moja ya majibu ni kistari au maneno "no preposition", wanafunzi wengi hulikwepa wakidhani ni la kupotosha. Wakati mwingine ndilo jibu. Hapa mjini tunasikia "we discussed about the matter" kwenye vikao na redioni, kwa sababu Kiswahili kinaturuhusu "tulijadili kuhusu jambo hilo". Kitenzi "discuss" hakichukui chochote: "we discussed the matter". Vivyo hivyo "He married Asha", "We reached Ubungo", "The school lacks desks", "She requested leave".

Zinazoleta utata ni nomino za vitenzi hivyo, kwa sababu hizo zina vihusishi: "a discussion about the matter", "a lack of desks", "a request for leave". Kwa hiyo ukikuta "lack" kwenye swali, amua kwanza ni kitenzi au nomino. "The school lacks ___ desks" haitaki kitu. "There is a lack ___ desks" inataka "of", na "a" iliyo mbele ya "lack" inakuonyesha kuwa ni nomino.