Je, kila anayehamisha fedha nje anaficha mali ya wizi?

"Tajiri anayepeleka fedha nje ya nchi lazima awe ameziiba."

Wapo wezi wafanyao hivyo, lakini Ajentina ya mwaka 2001 inaonyesha sababu nyingine iliyo nzito. Tangu 1991 sheria iliahidi kwamba peso 1 ingebadilishwa kwa dola 1, na watu wengi waliweka akiba ya halali katika akaunti za dola. Imani ilipopungua, wenye fedha nyingi, watu binafsi na kampuni, walizihamisha mapema kwa njia ya kawaida ya benki. Akiba ya dola ya taifa ikapungua, na hofu ikazidi.

Desemba 2001 serikali iliweka kikomo cha kutoa peso 250 kwa wiki. Mwanzoni mwa 2002 dola zilizobaki benki zikageuzwa kuwa peso kwa kiwango cha 1.40, hivyo aliyekuwa na dola 10,000 alihesabiwa peso 14,000, ambazo, dola ilipofikia peso 3.50 katikati ya mwaka, zilikuwa sawa na dola 4,000 tu, kabla ya fidia ya mfumuko wa bei. Kwa masikitiko, waliochelewa wengi walikuwa wenye akiba ndogo.